Siku Nne za Ukimya: Kikao cha Tathmini Baada ya Kuvamiwa, na Daftari la Marekebisho

Ndugu Mwenyekiti, wahasibu, mameneja, na wenzangu wa TEHAMA mliotoka Nyamagana na Ilemela, na ninyi mliovuka maji kutoka Sengerema na Ukerewe kuja kutusikiliza: habari za asubuhi, na kwa wenyeji, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie kikao kinachofanyika baada ya ofisi kuvamiwa kimtandao, kile kikao ambacho watu wanakaa kuelewa kilichotokea bila kumtafuta wa kumtupia lawama. Nitazungumzia kikao kimoja tu, nilichokisimamia mimi mwenyewe katika kiwanda kimoja cha kuchakata samaki ukanda huu wa ziwa. Wenyewe wameniruhusu nisimulie. Jina lao sitalitaja, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili wasitambulike, lakini mkondo wa tukio ni huo huo.

Kiwanda kile kinauza minofu ya sangara nje ya nchi. Nyaraka za mauzo, yaani ankara, hati za usafirishaji na maelezo ya akaunti ya benki, zote zinapita kwenye anwani moja ya barua pepe ya idara ya hesabu. Anwani hiyo ilikuwa inatumiwa na watu watatu kwa zamu, wote kwa nenosiri moja.

Tarehe 4, saa 11:42 jioni, mhasibu msaidizi alikuwa amesimama sehemu ya kupakilia. Gari lenye jokofu lilikuwa linamsubiri, na dereva alikuwa ameshauliza mara mbili kama nyaraka ziko tayari. Barua pepe ikaingia kutoka kwa wakala wa mizigo wanayefanya naye kazi kila wiki. Anwani ilikuwa ya wakala kweli, kwa sababu sanduku la barua pepe la huyo wakala nalo lilikuwa limeshavamiwa, na mdukuzi alikuwa anaandika kutokea humo humo. Kulikuwa na kiungo cha hati. Mhasibu akakibofya kwenye simu, ukurasa ukamwomba aingie upya, akaandika nenosiri, ukaonyesha hitilafu, akaachana nao. Saa 11:49 mtu mwingine aliingia kwenye sanduku lile akiwa nchi nyingine.

Kesho yake, tarehe 5, mdukuzi alitengeneza kanuni ndani ya sanduku. Jina la kanuni lilikuwa nukta moja, alama ya nukta peke yake, ambayo kwenye orodha macho yanaipita. Kazi yake: kila ujumbe wenye maneno ya malipo, benki au ankara kutoka kwa wanunuzi uhamishiwe kwenye folda ya RSS Feeds, ambayo karibu hakuna anayeifungua, na uonekane umeshasomwa. Tarehe 11 akamwandikia mnunuzi mmoja, kwa anwani halali ya kiwanda, kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mnunuzi akauliza, mdukuzi akajibu. Kiwandani hakuna aliyeona swali wala jibu. Tarehe 17 mnunuzi akalipa zaidi ya dola 38,000 kwenye akaunti ya mwizi. Tarehe 21 akapiga simu kuuliza kama fedha zimefika.

Jioni hiyo hiyo ya tarehe 21 msimamizi wa mfumo alibadilisha nenosiri na kutangaza kwamba tatizo limekwisha. Tarehe 23 ujumbe wa mnunuzi mwingine ukapotea tena. Naomba wenzangu wa TEHAMA mlishike hili: kubadilisha nenosiri kunamfungia mtu mlango, lakini kanuni aliyoiacha ndani inaendelea kufanya kazi. Ukitumia Microsoft 365, unaiona kwa amri hii:

```
Get-InboxRule -Mailbox "hesabu@mfano.co.tz" -IncludeHidden |
  Format-List Name,Enabled,MoveToFolder,ForwardTo,DeleteMessage
```

Hapo ndipo ile nukta ilipojitokeza, pamoja na jina la folda.

Sasa nije kwenye kikao. Kabla sijafika, taarifa ya kurasa mbili ilikuwa imeshaandikwa. Sehemu ya chanzo ilikuwa na sentensi moja, kwamba mhasibu msaidizi alibofya kiungo cha ulaghai kwa uzembe. Sehemu ya hatua za kuchukua nayo ilikuwa na sentensi mbili: apewe onyo la maandishi, na wafanyakazi wote wapewe mafunzo ya usalama wa mtandao. Kila neno kuhusu kubofya lilikuwa kweli. Lakini jiulizeni: tukimwondoa huyo dada kesho, tukaleta mwingine mwangalifu kuliko yeye, ni kitu gani kingekuwa kimebadilika kiwandani? Sanduku lingebaki la watu watatu, nenosiri lingebaki moja, na mnunuzi angebaki anaweza kubadilishiwa akaunti kwa barua pepe tu.

Kikao tulikifanya tarehe 28, wiki moja baada ya kugundua. Muda huo una sababu. Siku ya kwanza na ya pili watu wanazima moto, hawajalala, na hasira iko juu. Ukisubiri mwezi, kila mtu ameshajitungia hadithi inayomlinda, na kumbukumbu za mfumo nazo zina kikomo cha kuhifadhiwa. Zile kumbukumbu za nani aliingia na kutoka wapi zilinakiliwa pembeni mapema, tarehe 23, kabla ya kumhoji mtu yeyote. Bila hizo, kikao kinakuwa mahali pa watu kubishana kwa kukumbuka.

Mezani tulikuwa watu saba: mhasibu msaidizi, mhasibu mkuu, msimamizi wa mfumo, ofisa mauzo anayewasiliana na wanunuzi kwa WhatsApp, meneja wa kiwanda, mwandishi wa kumbukumbu, na mimi. Mkurugenzi alifungua kikao, akasoma ahadi iliyoandikwa na kusainiwa naye, kisha akatoka. Niliomba atoke, na kokote nitakakoitwa nitaendelea kuomba hivyo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mtu hawezi kueleza alichofikiri saa 11:42 jioni ile huku anayemlipa mshahara amekaa mbele yake. Ofisa rasilimali watu naye hakualikwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Ile ahadi ilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba yatakayosemwa humo hayatatumika kumwadhibu mtu. La pili, kwamba ahadi hii haimhusu aliyeiba kwa makusudi au aliyefuta ushahidi akijua anachofanya. Mipaka hiyo lazima isemwe mapema. Ikijitokeza katikati ya kikao dalili kwamba kuna mtu wa ndani aliyeshirikiana na mwizi, msimamizi anasimamisha kikao palepale na suala linakwenda kwa wachunguzi, kwa sababu huo sasa ni uchunguzi wa jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Vilevile, kikao hiki hakichukui nafasi ya wajibu mwingine. Kama taarifa za watu zimeguswa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka Tume ijulishwe bila kuchelewa, na polisi na benki wanahitaji taarifa siku ile ile ya kugundua. Hayo hayasubiri kikao.

Kazi ya kikao inaanza na mtiririko wa matukio. Tulibandika karatasi ndefu ukutani, tukaandika saa na tarehe, na kila tukio tukaliwekea mahali lilipotoka: kumbukumbu za mfumo, ujumbe wa WhatsApp, au kumbukumbu ya mtu. Watu tuliwaandika kwa kazi zao, mhasibu msaidizi, msimamizi wa mfumo, bila majina. Na neno moja niliomba tusilitumie mpaka mwisho wa kikao, nalo ni "alipaswa". Mtu akisema mhasibu alipaswa kuangalia anwani ya ukurasa, ameacha kueleza kilichotokea na ameanza kueleza dunia ambayo haikuwepo. Sisi tuliokaa tarehe 28 tulijua mwisho wa hadithi. Yeye tarehe 4 hakuujua.

Kwa hiyo sikumuuliza kwa nini alibofya. Swali hilo, hata ukiliuliza kwa upole, linadai utetezi. Nilimwomba anionyeshe alichokuwa anakiona. Akatoa simu, akafungua ujumbe wa zamani wa wakala yule yule, tukasogea wote kuangalia. Kwenye ile programu ya barua pepe jina la mtumaji linaonekana, anwani yenyewe haionekani mpaka uguse. Kwenye kivinjari cha simu anwani ya ukurasa ilikuwa inakatwa, inabaki herufi chache tu. Na hata angeigusa anwani ya mtumaji angekuta ni ya wakala kweli kweli. Meneja wa kiwanda aliitazama ile skrini kwa muda, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe angebofya. Kuanzia hapo hali ya chumba ilibadilika, na watu wakaanza kutoa vitu ambavyo havikuwemo kwenye zile kurasa mbili.

Msimamizi wa mfumo akaeleza kwamba uthibitisho wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwenye simu, ulikuwa umewashwa kwa kiwanda kizima isipokuwa sanduku lile. Mwaka uliotangulia namba zilikuwa zinakwenda kwenye simu ya mhasibu mkuu. Siku moja mhasibu mkuu akiwa safarini, simu haipatikani, malipo ya wavuvi yalikwama nusu siku, na watu walijaa getini. Siku hiyo msimamizi wa mfumo aliagizwa atafute njia, naye akaliweka sanduku lile kwenye kundi la walioruhusiwa kuingia bila namba. Kwa hali ya siku ile, ulikuwa uamuzi wa busara. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kuuangalia baadaye.

Akaongeza jambo jingine. Mfumo ulikuwa umetoa tahadhari ya kuingia kutoka nchi isiyo ya kawaida tarehe 4, dakika chache baada ya mdukuzi kuingia. Tahadhari ilitumwa kwa anwani ya mtangulizi wake, aliyeacha kazi zamani. Kengele ililia, ila ililia kwenye chumba kisicho na mtu.

Kisha mhasibu msaidizi akaomba kusema. Alisema kwamba tarehe 13 ofisa mauzo alimwambia mnunuzi ameshajibu kuhusu uzito wa katoni, na yeye hakuona jibu. Akatafuta, akalikuta kwenye folda asiyoijua. Lilikuwa limenaswa na ile kanuni kwa sababu lilitaja ankara. Akadhani amegusa kitu vibaya yeye mwenyewe. Akaurudisha ujumbe mahali pake, akanyamaza.

Nilimuuliza ilikuwaje akaona vema kunyamaza. Akajibu kwamba miezi miwili nyuma mtunza stoo aliripoti kompyuta yake imeingia virusi, akakatwa mshahara, na barua yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Hesabuni wenyewe. Tarehe 13 alikuwa na dalili mkononi. Fedha zililipwa tarehe 17. Kuna siku nne katikati ambazo neno moja kwa msimamizi wa mfumo lingeweza kufichua kanuni ile, na simu moja kwa mnunuzi ingezuia malipo. Baada ya tarehe 17 hali ni nyingine kabisa. Benki ya mnunuzi iliomba fedha zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa, kama inavyotokea mara nyingi katika wizi wa aina hii, kwa sababu mwizi hakai na fedha kwenye akaunti hiyo.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba kikao kisicho na lawama ni kuwadekeza wafanyakazi, nawaeleza hizo siku nne. Barua iliyobandikwa ubaoni ilinunua ukimya, na bei ya ukimya ule inaonekana kwenye vitabu vya hesabu vya kiwanda. Isingekuwa ahadi iliyosainiwa, tarehe 13 isingejulikana milele. Haikuwemo kwenye kumbukumbu zozote za mfumo kwa namna ambayo mtu angeielewa. Ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kampuni ya Equifax ya Marekani, kwa sababu kisa chake kiko hadharani na kinafanana na hiki kwa namna inayonishtua. Mwaka 2017 walivamiwa, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Udhaifu ulikuwa kwenye programu iitwayo Apache Struts. Ulitangazwa mwezi Machi pamoja na sasisho la kuuziba, ofisi ikatuma maagizo ya ndani, na bado mashine moja ikabaki wazi. Wadukuzi waliingia Mei na hawakugundulika mpaka mwishoni mwa Julai. Kifaa cha kukagua mawasiliano kilikuwepo, lakini cheti chake cha kidijiti kilikuwa kimekwisha muda, kwa hiyo kilikuwa hakioni kitu. Siku walipokihuisha ndiyo siku walipowaona wezi. Mnaona tena kengele isiyo na msikilizaji.

Oktoba mwaka huo aliyekuwa mtendaji mkuu alikwenda mbele ya Bunge la Marekani, na katika maelezo yake akasema kulikuwa na kosa la mtu mmoja ambaye hakufikisha ujumbe wa kuweka sasisho. Mtu mmoja, katika kampuni ya ukubwa ule. Taarifa ya kamati ya Seneti iliyotoka Machi 2019 ilionyesha kitu kizito zaidi: mwaka 2015 ukaguzi wa ndani wa kampuni hiyo hiyo ulikuwa umekuta udhaifu zaidi ya 8,500 ambao haujazibwa, na hakuna ukaguzi rasmi wa ufuatiliaji uliofanyika baada ya hapo. Somo walikuwa wameshalipata, limeandikwa, liko kwenye faili. Hakuna aliyerudi kuuliza limefikia wapi.

Basi niingie kwenye sehemu hiyo ya kurudi kuuliza, maana ndiko vikao vingi vizuri vinakokwenda kufia.

Tulitoka kwenye kikao tukiwa na mapendekezo kumi na kitu ukutani. Tukabakiza matano. Nilishauri hivyo kwa sababu kiwanda kile kina msimamizi wa mfumo mmoja, na mtu mmoja hawezi kumaliza mambo kumi na mawili huku printa za ofisi zote zikimsubiri. Orodha ndefu inawafariji waliokuwa kikaoni, lakini baada ya wiki tatu hakuna anayeifungua.

Kila rekebisho liliandikwa kwenye daftari, ambalo ni jedwali tu la kawaida kwenye kompyuta, likiwa na mwenye nalo mmoja, tarehe, na ushahidi utakaoonyesha limekamilika. Mwenye nalo ni mtu. Ukiandika "idara ya TEHAMA" umeandika hakuna mtu. Na sehemu ya ushahidi ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Pendekezo la kwanza la mafunzo lilisema "kuongeza uelewa wa wafanyakazi". Nikauliza: tutajuaje siku uelewa umeongezeka? Hakuna aliyejibu. Tukalifuta, badala yake tukaandika kwamba kuwe na namba moja ya simu ya kuripoti jambo lolote lenye shaka, ibandikwe ofisini na kwenye sehemu ya kupakilia, na barua ya mtunza stoo iondolewe ubaoni, na mshahara wake uliokatwa urudishwe. Hilo la mshahara alilishika mkurugenzi mwenyewe, na ushahidi wake ni hati ya malipo.

Rekebisho lililonifundisha zaidi ni lile la uthibitisho wa hatua mbili. Siku ya 30 baada ya kikao tulikutana kwa nusu saa kupitia daftari. Msimamizi wa mfumo alikuwa ameandika: imekamilika, uthibitisho umewashwa kwa wote. Aliamini hivyo kwa moyo mweupe, na kwenye skrini yake ya usimamizi kulikuwa na alama ya tiki. Lakini kwenye daftari tulikuwa tumekubaliana kwamba ushahidi ni jaribio, na mjaribu awe mtu asiyeifanya kazi hiyo. Ofisa mauzo akachukua kompyuta ngeni, akaunganisha intaneti ya simu yake badala ya mtandao wa ofisi, akafungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, akaandika anwani ya hesabu na nenosiri. Akaingia moja kwa moja. Hakuombwa namba yoyote.

Lile kundi la walioruhusiwa lilikuwa bado lipo, na sanduku lilikuwa bado ndani yake. Sera mpya ilikuwa imewashwa kwa wote, isipokuwa kundi hilo, kama zamani. Hakuna aliyegombezwa. Tuliandika kwenye daftari "imefunguliwa tena", na swali likawa: kwa nini kundi lile bado linahitajika? Jibu lilikuwa lile lile la mwaka uliopita, watu watatu na simu moja. Maana yake rekebisho letu la kwanza lilikuwa limeamuru kitu bila kuondoa sababu iliyowafanya watu wakikwepe. Tukalibadilisha. Kila mmoja wa wale watatu akapewa akaunti yake na uthibitisho kwenye simu yake, halafu akapewa ruhusa ya kufungua sanduku la hesabu kupitia akaunti hiyo, na sanduku lenyewe likafungwa lisiweze kuingiwa moja kwa moja na mtu yeyote. Siku ya 45 ofisa mauzo alijaribu tena kwa njia ile ile, akakataliwa. Picha ya skrini ya kukataliwa ndiyo iliyobandikwa kwenye daftari, na hapo ndipo tukafunga.

Nasisitiza, namba zinazotumwa kwenye simu nazo zina kikomo. Kuna kurasa bandia zinazokaa katikati, zinapokea nenosiri na namba yako na kuvipeleka kwenye ukurasa halisi papo hapo, mdukuzi akaingia pamoja na wewe. Kinga imara zaidi ni funguo za usalama, vile vifaa vidogo vya kuchomeka, ambavyo havikubali kutumika kwenye ukurasa usio halisi. Kiwanda hakikuwa na bajeti ya kuvinunua mwaka huo. Basi tuliliandika jambo hilo waziwazi kama hatari iliyokubaliwa, mkurugenzi akatia saini, pamoja na tarehe ya kulirudia wakati wa bajeti inayofuata. Napendelea hivyo kuliko kuacha rekebisho likining'inia miaka miwili likiandikwa "linaendelea". Aliyesaini anajua amebeba nini.

Tahadhari nayo ilijaribiwa. Anwani ya mtumishi aliyeondoka ilitolewa, ikawekwa ya msimamizi wa mfumo. Jumamosi usiku, bila kumwambia saa, tulitengeneza kanuni ya kupeleka barua nje kwenye sanduku la majaribio. Tahadhari ilitoka kama ilivyotakiwa, ikafika kwenye barua pepe yake, na akaiona Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo tahadhari sasa inakwenda kwenye simu, na kuna mtu wa pili anayeipokea kama wa kwanza hajajibu ndani ya saa moja. Jaribio lile lilitufumbua macho kwa jambo jingine: tahadhari iliyokuja na mfumo wao inahusu kanuni za kupeleka barua nje. Ile nukta ya mdukuzi haikupeleka kitu nje, ilihamisha ujumbe ndani ya sanduku lile lile, kwa hiyo isingenaswa hata kama simu ingelia. Ndiyo maana sasa ile amri niliyowaonyesha inaendeshwa kila Jumatatu kwa masanduku yote yanayogusa fedha, na matokeo yanasainiwa na mhasibu mkuu. Inachukua dakika chache.

Mnaweza kuuliza kama siku 90 ni nyingi kwa mambo matano. Kwa ofisi ndogo si nyingi. Tulikutana siku ya 30, ya 60 na ya 90, nusu saa kila mara, ajenda ikiwa daftari tu. Kitu ninachokitazama kwenye vikao hivyo ni tarehe zinazosogezwa. Rekebisho likisogezwa mara moja, kuna dharura. Likisogezwa mara mbili, aghalabu mwenye nalo hana mamlaka ya kulimaliza, na inabidi lipandishwe kwa mtu anayeweza kusaini au kulipa. Hilo si kosa la mwenye nalo, na kumsukuma hakusaidii.

Siku ya 90 manne yalikuwa yamefungwa kwa ushahidi. La tano bado liko wazi mpaka leo ninapozungumza nanyi. Linahusu kuwaandikia wanunuzi wote kwamba kiwanda hakitabadilisha akaunti ya benki kwa barua pepe, na kwamba mabadiliko yoyote lazima yathibitishwe kwa simu, kwa namba iliyo kwenye mkataba na si namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wenyewe. Ushahidi uliokubaliwa ni saini ya kila mnunuzi kwamba amepokea na ameelewa. Wanunuzi wawili hawajajibu. Mkuu wa mauzo ndiye mwenye nalo, tarehe imeshasogezwa mara mbili, na wiki iliyopita limepandishwa kwa mkurugenzi, ambaye amekubali kuwapigia mwenyewe. Mpaka hapo, ankara za hao wawili haziondoki kiwandani bila ofisa mauzo kuongea nao kwa sauti kwanza.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Nina nakala za jedwali tupu la daftari hapa mbele, na muda uliobaki ni wa maswali yenu. Nianze na dada pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara wa mtunza stoo.